Meseji ya Julai mosi kwa baba asiyesema mengi

Ukitaka kujua siku ya kuzaliwa ya baba yako na hutaki kumuuliza, tazama namba ya kitambulisho chake cha NIDA. Tarakimu nane za mwanzo ndizo jibu: mwaka, mwezi, siku. Ya baba yangu, mzee wa Kongowe, inaanza na 19560701. Julai mosi, 1956. Anatimiza miaka 70, na sikumbuki kumsikia akiitaja tarehe hiyo mbele yetu, watoto wake, kwa namna yoyote ile.

Ana sababu. Tarehe yenyewe aliandikiwa. Alizaliwa upande wa Mzenga, Kisarawe, mikononi mwa mkunga wa kijiji, na hakuna aliyekwenda kuandikisha chochote. Sheria ya kuandikisha vizazi ilikuwapo tangu enzi za Mwingereza, lakini kwa watu wengi wa vijijini ilikuwa jambo la mbali. Bibi alishika hesabu kwa njia yake: mtoto amezaliwa kipupwe, mpunga umeshavunwa, na TANU ina miaka miwili. TANU iliundwa Julai 7, 1954, kwa hiyo mwaka ulipatikana bila taabu. Siku ndiyo iliyokosekana. Karani aliyekuwa na fomu mbele yake alimwuliza baba mwezi gani, baba akasema katikati ya mwaka, karani akaandika Julai mosi. Wazee wengi wa rika lake wana tarehe za namna hiyo kwenye kadi zao.

Nimeanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaoketi kumwandikia baba ujumbe wa siku ya kuzaliwa huweka uzito wote kwenye siku, na kwa wazee wa aina hii siku haina uzito. Wamepata umri mkubwa bila kukatiwa keki. Wengine, kwa msimamo wa dini, wanaona sherehe za kuzaliwa ni jambo lisilo na mahali nyumbani kwao. Baba yangu hana ubishi wa dini katika hili; kwake ni mambo ya watoto. Ukimwambia hepi besdei atajibu "haya", na "haya" hiyo si kejeli wala hasira. Ni mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka.

Hata hivyo, naamini anapaswa kuambiwa. Miaka 70 si kidogo, na mtu huyu amelea watoto, amesomesha, amezika wazazi na ndugu, na kwa kadiri ninavyojua hajasikia kutoka kwetu maneno ya wazi kwamba tuliona. Kinachonishughulisha ni umbo la maneno hayo. Nina maoni thabiti juu yake, na nitayaeleza kwa kumtumia yeye mwenyewe kama mfano, kwa kuwa ndiye ninayemfahamu.

Ni fundi seremala. Mikono yake bado inashika randa, ingawa siku hizi muda mwingi anautumia kwenye mikorosho yake. Hazungumzi sana, lakini si mkali. Ukifika nyumbani utamwamkia, ataitikia marahaba, atauliza njia ilikuwaje, atauliza kama Kibamba kulikuwa na foleni, kisha atanyamaza. Baada ya nusu saa utasikia ameagiza uangushiwe madafu. Mtu asiyemjua atadhani hakufurahi kukuona. Sisi tunajua kwamba hakuna anayepanda mnazi mpaka yeye aseme, na huwa hasemi kwa kila mgeni.

Huyo ndiye mtu anayeandikiwa. Mapenzi yake yote yamepita katika vitu na kazi: dafu, kiti kilichorekebishwa kabla hujaja, nauli uliyowekewa mfukoni bila neno. Ujumbe utakaomfikia ni ule utakaopita njia hiyo hiyo. Kumwambia "wewe ni baba bora duniani" ni kumpa hukumu asiyoweza kuipima, naye ni mtu wa kupima. Atajiuliza mababa wengine wa dunia umewajulia wapi. Lakini ukimtajia jambo moja alilofanya, kwa jina lake, pamoja na kilichotokana nalo, hapo umezungumza naye. Jambo hilo analijua. Alikuwapo. Anaweza kulikubali kimyakimya bila kulazimika kujitazama kama shujaa.

Sasa jambo gani? Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hupapita haraka.

Mwaka 1996 nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Wasomaji wadogo watakumbuka kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za serikali kuanzia 2016; wakati wetu ililipwa, na juu yake kulikuwa na orodha ya vitu: tranka la bati, godoro, ndoo, jembe, fyekeo, sare pea mbili, shuka, madaftari. Wakati huo baba alikuwa amemaliza kuchonga mlango wa mbele wa nyumba yetu. Ulikuwa mlango wa mninga, wa paneli, aliouchonga polepole baada ya kazi za watu. Mninga ulikuwa umekaa chini ya kibanda muda mrefu ukikauka, kwa sababu mbao mbichi ikiingia kwenye fremu hujipinda na mlango hukataa kufunga. Alikuwa ameupiga msasa mpaka ukawa laini kama kibuyu. Bado vanishi tu.

Mtu mmoja aliyekuwa akijenga Mlandizi akauona, akautaka, akataja bei. Baba alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo, akarudi akasema sawa. Mlango ukapakiwa kwenye gari siku ile ile. Mahali pake akagongelea mabati kwenye fremu ya mbao za mwembe, na kwa masika mbili tulilala tukisikia bati likigonga kila upepo ulipovuma. Mama alipouliza, jibu lilikuwa: "Mlango utachongwa mwingine." Mimi nikaenda shule na tranka jipya.

Nimepima mambo kadhaa kabla ya kuchagua hili. Kuna siku alinibeba mgongoni kwenda zahanati, kuna miaka aliyofanya kazi akiwa na mguu mbovu. Yote ni makubwa. Lakini mzee wa namna hii hapendi udhaifu wake utajwe, hata kwa sifa, kwa hiyo habari ya mguu nimeiacha. Ya zahanati ni ya huruma mno, ataona nalia. Mlango ni kazi ya mikono yake, ni uamuzi wake, na matokeo yake ninayo mimi. Mtu anayejivunia ufundi huipokea sifa ya ufundi bila shida.

Kuna jambo la pili nililoliangalia, nalo ni kama habari yenyewe inasemeka mbele za watu. Siri ya umaskini wa nyumba si kila mzee anataka isomwe kwa sauti. Kuuza mlango wa nyumba yako ni jambo ambalo mtu anaweza kulionea fahari, na pia anaweza kulionea haya. Nilijuaje kwamba hili linasemeka? Mama huisimulia habari hiyo wakija wageni, naye baba akiwapo. Hutazama pembeni, hajibu, lakini hajawahi kumkatiza. Mama akianza habari ya deni fulani la zamani, humkatiza papo hapo. Hicho ndicho kipimo changu, nami nakipendekeza kwa yeyote: taja lile ambalo limewahi kusimuliwa mbele yake akaliacha lipite. Lile analolikatiza, liache, hata kama kwako ndilo lenye uzito zaidi.

Kusomwa kwa sauti si jambo la kufikirika. Baba anatumia kitochi. Macho yake yanaona mti ulioinama kutoka upande wa pili wa shamba, lakini herufi ndogo zinamsumbua, na miwani huwa iko ndani. Meseji ikiingia humwita mjukuu. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa ujumbe wangu anaweza kuwa binti wa darasa la sita aliyesimama barazani, huku mama akimenya muhogo na pengine jirani akiwa amekuja kuomba msumeno. Andika ukijua hivyo. Sentensi ambayo ingemfanya baba atazame chini mbele ya jirani haifai, hata iwe nzuri vipi.

Mjukuu ana faida yake pia. Kwetu babu na mjukuu wana utani. Yule binti humwita babu yake mchumba, humwambia amezeeka, humvuta ndevu, na babu hucheka kwa sauti ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuisikia tulipokuwa wadogo. Akimaliza kusoma anaweza kuongeza lake, "babu, nakupenda", na babu atamjibu vizuri kabisa. Neno hilo hilo likitoka kwangu litamgonga tofauti. Kwa rika lake, "nakupenda" ni neno la nyimbo za mapenzi redioni; mtoto mtu mzima kumwambia baba ni kuvuka mstari ambao wote wawili tumeuheshimu maisha yetu yote. Kwa hiyo utani namwachia mwenye haki nao. Mtoto anayemtania baba yake kwenye meseji ili kulainisha mambo, kwa mfano kumwita "kijana wangu" au "dingi", anamnyima baba nafasi yake na kujinyima yeye mwenyewe nafasi ya mtoto, na ni katika nafasi hiyo ya mtoto ndipo shukrani inapopata uzito.

Kitochi kina masharti mengine ya kiufundi ambayo ni vizuri kuyajua. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, mtandao huikata vipande vya herufi 153 na kuachia simu kazi ya kuviunga. Simu za zamani nyingine huvionyesha mbalimbali, na kipande cha pili kinaweza kutangulia. Ukiweka emoji hata moja, keki au moyo, meseji nzima hubadilishwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kisha kwenye kioo cha baba ule moyo unageuka kisanduku kitupu. Mjukuu atasoma vizuri, halafu ataduwaa mbele ya visanduku vitatu mwishoni, na baba atauliza hivyo ni nini. Kwa hiyo herufi tupu, na zisizidi 160.

Wapo wanaosema ufupi huo ni ubahili. Mimi naona unamfaa. Yeye mwenyewe akiongea simu hutumia maneno machache kuliko hayo.

Umbo nimelikopa kutoka kwenye barua. Kizazi cha baba kilijifunza kuandika barua shuleni kwa utaratibu maalumu: salamu kwanza, hali, kisha dhumuni, kisha dua, na mwisho "ni mimi mwanao". Ndani ya utaratibu huo watu wakali kabisa waliweza kuandika "baba mpendwa" bila kuona haya, kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Desturi iliwabebea mapenzi ambayo vinywa vilikataa. Ukiangalia maandishi yetu makubwa, maneno ya upole baina ya mzazi na mtoto mara nyingi hushuka kutoka juu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo 1858. Shaaban Robert aliwaandikia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mvulana. Maneno ya mtoto kupanda kwenda kwa mzazi yalibaki kwenye barua, na barua za watu wa kawaida zimeliwa na mchwa kwenye matranka. Meseji imerithi kazi ya barua bila kurithi utaratibu wake. Nadhani tukimwandikia mzee, tuurudishe.

Hii hapa ndiyo meseji yenyewe:

Shikamoo Baba. Leo Julai mosi. Nakumbuka ulivyouza mlango wa mninga nikaenda sekondari. Sijausahau. Mungu akupe afya na umri. Nakuja Saba Saba. Ni mimi mwanao.

Ni herufi 159. Nieleze kwa nini kila sentensi imekaa pale.

Shikamoo haiachwi. Kuna vijana wanaanza na "Baba," kisha wanaingia kwenye habari, wakidhani meseji si mazungumzo. Kwa mzee, maneno yasiyotanguliwa na salamu ni maneno ya mtu mwenye dharura. Moyo wake utaruka, atadhani kuna msiba. "Leo Julai mosi" inaitaja siku bila kuiita sherehe. Akitaka kuipokea kama siku yake ya kuzaliwa, ataipokea. Akitaka iwe tarehe tu, ni tarehe tu. Nimemwachia achague mwenyewe, na kwa mtu msiri hiyo ni heshima.

Sentensi ya mlango ina sehemu tatu: kitendo, kitu, tokeo. Kitu nimekitaja kwa aina ya mti, kwa kuwa kwa fundi "mlango" mtupu ni neno pana mno. Kuna mlango wa mwembe na mlango wa mninga, na tofauti yake ndiyo iliyofanya jambo lile liume. Akisikia "mninga" atajua kwamba nilielewa alichokitoa. Sikuandika "ulijitolea" wala "ulijinyima". Maneno hayo ni ya msemaji wa mkutano, na yanamfanyia kazi ya kuhukumu ambayo anaweza kuifanya mwenyewe.

"Sijausahau" ndilo neno pekee la moyo katika ujumbe mzima, na nimelifupisha makusudi. Hapo ndipo mwandishi hutamani kuendelea: sijausahau na kila nikifungua mlango wa ofisi yangu nakukumbuka, na kadhalika. Simama. Baada ya neno hilo inakuja dua, na dua ni ya kawaida kabisa, afya na umri, ile ambayo ataitikia amina bila kufikiri. Kuitikia amina kunampa mahali pa kutokea. Asingekuwa nayo, angebaki na "sijausahau" mikononi akitafuta la kufanya.

"Nakuja Saba Saba" ni habari, na wazee wa aina hii hupenda meseji iwe na habari. Saba Saba ni sikukuu, kuja nyumbani hakuhitaji maelezo, na iko siku sita tu baadaye. Hivyo wanawe tunaweza kukusanyika Kongowe kwa ajili yake bila mtu yeyote kutamka kwamba tumekuja kwa ajili yake. Atachinjiwa kuku, mama atapika wali wa nazi, na kama mtu atamwekea kitenge au koti jipya mapajani, itakuwa ni zawadi ya sikukuu. Pia ahadi ya kuja inaufanya ule ujumbe usionekane kama wa kuaga. Mtoto akimwandikia mzazi kumbukumbu nzito bila sababu, mzazi huanza kuuliza watu, "mwenzenu anaumwa?"

Na "ni mimi mwanao" ni saini ya barua. Hapa nina tahadhari moja inayohusu nchi yetu ya leo. Matapeli wametuma meseji nyingi mno za "ile pesa tuma kwenye namba hii", na nyingine zinaanza kwa kujifanya mtoto aliyebadilisha laini. Wazee wameonywa, na wanafanya vizuri kuwa na shaka. Kwa hiyo tuma kutoka kwenye namba aliyoihifadhi kwa jina lako. Ukituma kutoka namba ngeni, mjukuu ataisoma, na baba atasema futa.

Pia sitatuma pesa pamoja na ujumbe huu. Najua wengi watapinga, maana kumtumia mzee kitu kidogo na ya kutolea ni namna yetu ya kusema nakujali, na mimi hutuma. Lakini pesa ikiingia dakika ile ile, meseji inakuwa karatasi ya kufungia pesa. Atapiga simu kushukuru kwa hela, na mlango wa mninga utapita bila kuguswa. Pesa itangulie siku kadhaa au ifuate siku kadhaa, na iwe na kazi: ya salfa, kwa mfano. Julai ni wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, maua yakianza kutoka, na kila mkulima anajua hesabu yake ya mifuko. Pesa yenye kazi haimdhalilishi mzee kama pesa isiyo na jina.

Upuliziaji huo ndio unaoamua pia saa ya kutuma. Unga wa salfa hupuliziwa asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado kwenye majani ili ushike. Akishaswali alfajiri anakwenda shambani, na simu inabaki nyumbani ikining'inia kwenye chaji. Meseji ya asubuhi itasomwa na wengine kabla yake, na atakapofika mchana atakuta nyumba nzima inajua. Nitatuma jioni, baada ya magharibi, akiwa ameketi na miwani iko karibu. Kuna nafasi hapo aisome mwenyewe.

Majibu? Natarajia "Marahaba. Nimepata." Inawezekana yasije kabisa, na baada ya siku mbili akapiga simu kuuliza kama kuja Saba Saba nitapanda basi la asubuhi au la mchana. Mtoto anayengoja jibu la maneno atasononeka bure. Wengine hufanya vibaya zaidi: humpigia baada ya saa moja, "Baba umeiona meseji yangu?" Hapo umemsimamisha kizimbani. Mzee wa namna hii akiguswa hujibu kwa kitu, na kitu kinachukua muda. Utajua imemfika akianza kuulizia habari ndogo za kazi yako ambazo hakuwahi kuziulizia, au ukikuta amekuwekea gunia dogo la korosho ambalo hukuliomba, au jirani akikwambia, "Baba yako ametueleza habari ya ule mlango." Hilo la mwisho likitokea, ujue yeye mwenyewe ameanza kuusimulia.

Nina rafiki ambaye hakubaliani nami hata kidogo. Alimzika baba yake bila kumwambia neno, na anasema habari za umbo, heshima na herufi 160 ni visingizio. Mtu amwambie baba yake anampenda, kwa maneno hayo hayo, leo, mbele ya watu wote, na haya ziishe zenyewe. Namsikiliza kwa sababu anasema kwa uchungu. Na kuna kitu amekiona ambacho ni kweli: tunajua kusema. Nenda msiba wowote Kibaha, ngoja usomwe wasifu wa marehemu. Utasikia alivyosomesha, alivyojenga, alivyouza ng'ombe, alivyomtunza mama mkwe. Watoto huandika wasifu huo usiku kucha, kwa usahihi wa ajabu, mwaka kwa mwaka. Maneno tunayo. Tunayapeleka kwa waombolezaji.

Lakini tazama wasifu huo umeandikwaje. Ni matendo, yakitajwa kwa majina na miaka. Hakuna anayesimama pale akasema "marehemu alikuwa mfalme wangu". Tukiwa na uzito kwelikweli, tunarudi kwenye lugha ya matendo bila kufundishwa. Ndiyo maana namjibu rafiki yangu kwamba haraka yake naikubali yote, ila maneno nayachukua kutoka kwenye wasifu, aya moja tu, na kumpelekea mwenyewe akiwa na masikio.

Si kila baba aliye kimya ni wa aina hii. Yupo aliyenyamaza kwa kuwa hakuwapo, na yupo ambaye ukimya wake ulikuwa adhabu. Mtoto wa baba huyo asijilazimishe kutafuta mlango wa mninga ambao haukuuzwa. Salamu na dua zinatosha, nazo ni za kweli. Mzee atajua kilichokosekana katikati, na hilo nalo ni la haki.

Kwa wale ambao baba hasomi na hana mjukuu wa kumsomea, piga simu, na ufuate mpangilio ule ule. Mwamkie, mpe habari ya safari yako, kisha useme: "Baba, jana nilikuwa nakumbuka ule mlango wa mninga." Halafu nyamaza, umwachie yeye. Anaweza kusema "aa, mambo ya zamani", anaweza kukukosoa kwamba paneli zilikuwa sita na si nne. Akikukosoa, mwulize mbao aliipata wapi.